Kelele Ambazo Amplifaya Haiwezi Kuzizima

Mwaka 1918 mwanafizikia Walter Schottky, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Siemens huko Ujerumani, alijiuliza: iwapo valvu za redio zitatengenezwa bila kasoro yoyote, ishara ndogo itaweza kukuzwa hadi wapi? Aligundua kwamba kuna vizuizi viwili ambavyo fundi hawezi kuviondoa.

Cha kwanza ni joto. Elektroni ndani ya rezista hazitulii. Joto huzisukuma huku na huko, na kila mara upande mmoja hujikuta na elektroni chache zaidi ya mwingine. Hivyo rezista iliyolala mezani, bila betri, ina volti ndogo zinazopandashuka katika ncha zake. John Johnson wa maabara za Bell, Marekani, alizipima, na mwenzake Harry Nyquist akazitolea hesabu. Makala zao zilitoka mwaka 1928. Kaboni, shaba au myeyusho wa chumvi, matokeo ni yaleyale: kinachohesabika ni ukinzani, halijoto na upana wa masafa yanayopokelewa.

Cha pili hutokea pale umeme unapopita. Mkondo ni elektroni mojamoja, na zinapovuka kizuizi, kama ndani ya valvu au fotodaiodi, kila moja huvuka kwa wakati wake, kama matone ya mvua yanayopiga bati. Katika waya wa kawaida elektroni husukumana na kujipanga, kwa hiyo kelele hii karibu hutoweka.

Tuchukue fotodaiodi inayotoa nanoampia 1 kwa mwanga hafifu. Mkondo huo ukipitishwa kwenye rezista ya omu 10,000, ishara ni maikrovolti 10. Kwa masafa ya upana wa hertz 10,000, joto la chumbani peke yake huleta kelele ya takriban maikrovolti 1.3. Amplifaya ikikuza mara elfu, vyote viwili hukua mara elfu, hakuna faida.

Dawa ni kuongeza rezista yenyewe. Ikifika omu milioni 1, ishara huongezeka mara 100, lakini kelele ya joto mara 10 tu. Kwa halijoto ya chumbani, kelele ya joto na ile ya elektroni mojamoja hulingana mkondo unapozalisha milivolti 50 kwenye rezista. Kwa nanoampia 1, hiyo ni omu milioni 50.

Fundi atajuaje ni kelele ipi inayotawala? Aifunike fotodaiodi: kinachobaki ni joto na kelele ya amplifaya. Kisha aimulike kwa tochi ya betri yenye balbu ya waya. Nguvu ya kelele iliyoongezeka ikikua sambamba na mkondo, hiyo ni kelele ya elektroni mojamoja; ikizidi ile iliyobaki gizani, ndiyo inayotawala.

Rezista kubwa ina gharama yake. Kwa omu milioni 50, pikofaradi 1 tu ya uwezo uliojificha kwenye waya huanza kudhoofisha masafa yanayozidi takriban hertz 3,200, na ishara iliyokusudiwa ya hertz 10,000 hufika imefifia.