Goti Limesagika: Vipindi Vingapi vya Fiziotherapia Vinatosha?

Daktari akishaitazama eksirei ya goti na kusema limesagika, karatasi anayokuandikia huwa na maneno machache tu: fiziotherapia, vipindi kumi. Kwa nini kumi na si vitano wala thelathini, huelezwi. Unafika kliniki, unalipia kipindi cha kwanza, unalazwa kitandani, taa ya joto inawashwa juu ya goti, dakika ishirini zinapita, kisha unaambiwa uje keshokutwa. Ukirudi ni vilevile. Hela ya matibabu inatoka, nauli inatoka, na mwezi ukiisha hujui kama umepiga hatua au uko palepale.

Kwa goti lililosagika, idadi inayofaa inajulikana. Mwaka 2013 wataalamu wa Denmark walianzisha mpango uitwao GLA:D, ambao baadaye ulienea hadi Australia na Kanada. Mgonjwa hufundishwa kwanza kuhusu ugonjwa wake, kisha hufanya mazoezi chini ya usimamizi mara 12, yaani mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Tafiti nyingi zilipochambuliwa kwa pamoja, zilionyesha pia kwamba waliosimamiwa mara 12 au zaidi walipata nafuu kubwa kuliko waliosimamiwa mara chache.

Sababu iko kwenye misuli ya paja, ambayo ndiyo inayolibebea goti sehemu ya mzigo. Wiki za mwanzo mgonjwa huongeza nguvu kwa kuwa mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli aliyonayo. Misuli yenyewe huchelewa kunenepa. Kwa wengi ni kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Ndiyo maana anayekwenda mara tatu akasema tiba haifai, amehukumu mapema mno. Na anayeitwa kila siku kwa wiki mbili hapewi tiba ya haraka zaidi, kwa sababu misuli iliyofanyishwa kazi nzito inahitaji siku ya kupumzika kabla ya kazi nyingine.

Tumchukue, kwa mfano, mama wa miaka 60 anayeuza vitenge sokoni na kukaa kwenye kigoda kutwa nzima. Goti la kulia linamuuma akipanda ngazi, akitembea kwenda kituo cha daladala, na anapoinuka baada ya kusujudu. Mtaalamu mzuri hamlazi kitandani mara anapofika. Anamuuliza mambo hayo matatu na kuyaandika, kwa sababu ndiyo yatakayokuja kupimwa. Anamwomba ayape maumivu ya kutembea alama kuanzia 0 hadi 10, naye anasema 6. Kisha anamkalisha kwenye kiti kisicho na mikono, anamwambia akunje mikono kifuani, asimame wima na kukaa tena mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Anafikisha mara 8. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya 12 ni dalili kwamba miguu imepungukiwa nguvu.

Sasa mazoezi yana pa kuanzia. Atasimama na kukaa kwenye kiti kirefu, mara 10, apumzike, arudie seti mbili. Atapanda na kushuka kidaraja kimoja akishika ukuta. Atanyoosha goti akiwa amekaa, kifundo cha mguu kimefungwa kifuko cha mchanga. Uzito unatosha ikiwa mwisho wa seti anahisi angeweza kuongeza mara mbili tatu tu. Akihisi angeweza kuongeza kumi, hilo si zoezi la kumjenga. Wiki ya pili kiti kinakuwa kifupi kidogo, ya tatu mchanga unaongezwa, ya nne anashuka kidaraja polepole bila kushika ukuta. Kupandisha ngazi hivi ndiko kiini cha tiba yenyewe. Mgonjwa anayefanya wiki ya sita zoezi lilelile la wiki ya kwanza, kwa uzito uleule, analipia kitu ambacho angekifanya nyumbani kwake.

Goti litauma wakati wa mazoezi, na hapo wengi hukimbia wakidhani linazidi kusagika. Kanuni inayotumika ni hii: maumivu hadi 5 kati ya 10 yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 yarudi kama yalivyokuwa kabla ya mazoezi. Yakizidi hapo au goti likivimba kesho yake, kipimo kilikuwa kikubwa, hupunguzwa, hakiachwi.

Na ile taa ya joto? Joto hutuliza, na kama linamsaidia mtu aanze mazoezi akiwa amelegea, si vibaya. Lakini mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2022 kuhusu ugonjwa huu unasema mashine za umeme na za mawimbi ya sauti zisitolewe, kwa kuwa faida yake haijathibitika, na kukandwa kuende pamoja na mazoezi, si peke yake. Kwa maoni yangu, kliniki ambayo sehemu kubwa ya kipindi umelala tu, inakuuzia kitanda.

Turudi kwa mama yetu. Wiki ya tatu anapimwa tena: maumivu bado ni 6, lakini anasimama mara 10. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, ilhali nguvu imeanza kupanda na maumivu kwa kawaida hufuata nyuma. Wiki ya sita maumivu ni 4, anasimama mara 12, na ngazi anazipanda bila kusimama katikati. Maumivu yakishuka kwa alama 2, au kusimama kukiongezeka kwa mara 2 au 3, hayo ni mabadiliko ya kweli. Kuinuka kutoka kwenye sijda bado ni kugumu, na huenda kukawa cha mwisho kurudi. Eksirei haina haja ya kurudiwa: gegedu lililolika halioti upya, na picha inaweza kubaki ileile huku mtu akitembea vizuri zaidi.

Kama wiki ya sita hakuna alama hata moja iliyosogea, na mazoezi yamefanywa kweli, kuongeza vipindi kumi vingine vya namna ileile hakuna maana. Mpango ubadilishwe, au mgonjwa arudi kwa daktari. Goti likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, likikwama lisinyooke, au muundi ukivimba na kuuma, asisubiri wiki ya sita wala kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Asiye na uwezo wa kulipia vipindi 12 anaweza kumwambia mtaalamu tangu mwanzo kwamba ana fedha ya vinne. Ningevipanga wiki ya 1, ya 2, ya 5 na ya 9: viwili vya kufundishwa, viwili vya kupimwa na kuongezewa uzito, na katikati mazoezi ya nyumbani mara tatu kwa wiki, yakiandikwa kwenye daftari. Matokeo huenda yakawa madogo kuliko ya mwenye kusimamiwa, lakini yanazidi ya vipindi kumi vya taa.

Hesabu hii ni ya goti lililosagika. Aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya goti hashauriwi kurudi uwanjani kabla ya miezi 9, na aliyepata kiharusi anaweza kuhitaji miezi mingi. Mama wa vitenge, baada ya wiki ya 12, anaendelea mwenyewe mara mbili kwa wiki, kwa kuwa misuli isiyotumika hupungua. Maumivu yakirudi mwakani, anahitaji kipindi kimoja au viwili vya kupimwa na kurekebishiwa mazoezi, si kuanza upya vyote 12.