Fahamu: Mazoezi ya ulimi na kukoroma

Bandika ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya meno ya juu, kisha uiburute kuelekea kooni. Rudia mara 20. Halafu fyonza ulimi wote juu, na useme “aaa” hadi kimio kipande, kioo kitakuonyesha.

Mwaka 2015, watafiti wa São Paulo, Brazili, waliwapa wakoromaji mazoezi ya namna hii kwa miezi 3. Mashine ilirekodi mikoromo pungufu kwa takriban 36%. Inavutia, ila utafiti mzima ulikuwa na watu 39 tu, wote wakiwa na tatizo dogo au la wastani. Nani angeendelea mwaka mzima? Na anayekatika pumzi usingizini, kisha akashtuka akitweta, akapimwe kwanza.