Mguu Mweusi wa Swali la Kumi na Saba

Mzee wa miaka 62, mvuvi mstaafu, ana kisukari kwa miaka 15. Vidole vitatu vya mguu wake wa kulia vimekuwa vyeusi na vinatoa harufu. Joto la mwili ni 38.6. Anajua yuko wapi na leo ni siku gani. Daktari wa upasuaji ameshauri mguu ukatwe chini ya goti, akamweleza kwamba asipokatwa anaweza kufa. Mzee anajibu: “Nimeelewa. Sitaki kukatwa.” Mwanawe mkubwa yuko tayari kusaini fomu ya idhini kwa niaba yake. Hatua inayofaa zaidi ni ipi?

Majibu ya kuchagua ni matano. La kwanza, mwana asaini. La pili, aitwe daktari wa magonjwa ya akili kwa sababu mzee amekataa matibabu ya kuokoa maisha. La tatu, isubiriwe mpaka apoteze fahamu, kisha akatwe kwa dharura. La nne, apewe ruhusa aende nyumbani kwa kuwa amekataa. La tano, ithibitishwe kwamba ana uwezo wa kuamua, uamuzi wake uheshimiwe, na aendelee kupewa matibabu mengine anayoyakubali.

Kila mwaka nikisahihisha maswali ya namna hii, naona wanafunzi wakigawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huona huruma, nalo huchagua la pili au la tatu. Kundi la pili limekariri kwamba uhuru wa mgonjwa ndio mfalme, nalo huchagua la nne kwa haraka, kama mtu anayenawa mikono. Makundi yote mawili yamelisoma swali kama mpira wa timu mbili: upande huu haki ya mgonjwa kujiamulia, upande ule wajibu wa daktari kumtendea mema, na kazi ya mtahiniwa ni kutangaza mshindi.

Lawama kidogo wanastahili Wamarekani wawili, Beauchamp na Childress. Mwaka 1979 walitoa kitabu kilichopanga maadili ya tiba katika misingi minne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki kwa wote. Wao wenyewe hawakusema msingi mmoja unaushinda mwingine daima. Ila misingi minne inakaa vizuri kwenye vidole vya mkono mmoja, ikakaririwa hivyo, na mwanafunzi akiona neno “amekataa” anakimbilia kuipambanisha.

Turudi kwa mzee wetu, tulisome swali kama alivyolisoma mtunzi. Ile homa ya 38.6 haikuwekwa pale kama pambo. Maambukizi yakisambaa kwenye damu yanaweza kumchanganya mtu akili, na aliyechanganyikiwa leo huenda jana alikuwa timamu. Ndiyo maana sentensi inayofuata inasema anajua yuko wapi na ni siku gani. Mtunzi amekufungulia mlango wa shaka kisha akaurudishia nusu tu, kwa sababu kujua siku si sawa na kuweza kuamua kuhusu mguu. Umri nao una kazi yake. Angekuwa na miaka 12, swali lingekuwa jingine kabisa.

Uwezo wa kuamua una vipimo vyake, na vilivyo maarufu vilizaliwa kutokana na mguu unaofanana na huu. Mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Uingereza ilisikiliza shauri la mtu aliyeandikwa kwa herufi moja tu, C. Alikuwa na miaka 68, anaishi Broadmoor, hospitali yenye ulinzi mkali ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa. Alikuwa na skizofrenia, tena akiamini kwamba yeye ni daktari mkubwa wa kimataifa. Mguu wake uliingia donda la kuoza. Daktari wa upasuaji alikadiria kwamba bila kukatwa chini ya goti, nafasi yake ya kupona ilikuwa asilimia 15 tu. C akakataa. Akakubali matibabu mengine: tishu zilizokufa zikaondolewa, akapewa antibiotiki, na hatari ya wakati ule ikapungua. Kisha akaenda mahakamani kuomba zuio, asije akakatwa siku nyingine bila idhini yake ya maandishi.

Jaji Thorpe alimpa. Hakusema C hana ugonjwa wa akili, maana ugonjwa ulikuwepo na kila mtu aliujua. Aliuliza jambo jembamba zaidi: kuhusu mguu huu, je, anazielewa na kuzishika taarifa alizopewa, anaziamini, na anaweza kuzipima hadi afikie uamuzi? Jibu likawa ndiyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 ilivirekebisha vipimo hivyo kidogo, na leo vinafundishwa kama vinne: kuelewa, kukumbuka kwa muda wa kutosha kuamua, kupima faida na hasara, na kuweza kueleza uamuzi kwa njia yoyote, hata ya kukonyeza jicho.

Hapo ndipo jibu la pili la swali letu linapoanguka. Anayemwita daktari wa akili kwa sababu mgonjwa amekataa ameufanya ukataaji wenyewe kuwa dalili ya ugonjwa. Huo ni mtego, kwani maana yake mgonjwa anahesabiwa timamu pale tu anapokubaliana na daktari. Kama C, mwenye skizofrenia, hakuhukumiwa kwa hilo, mvuvi mwenye kisukari atahukumiwaje?

Ila mtunzi mwerevu anaweza kukugeuzia kibao. Mahakama ya Rufani ya huko huko ilikutana na mama mjamzito aliyeitwa MB. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na MB mwenyewe alikubali kufanyiwa upasuaji. Alichokikataa ni sindano. Kila ilipomkaribia, hofu ilimzidi mpaka hakuweza kufikiri kitu kingine. Majaji walisema kwa dakika zile hofu ilikuwa imemnyang’anya uwezo wa kupima jambo. Nje, “sitaki” ya MB na “sitaki” ya C zinasikika sawa. Tofauti inaonekana ukiuliza kwa nini.

Katika mtihani wa vituo, ule wanafunzi wanaouita oski, unauliza kwa mdomo. Mwigizaji amevaa kofia ya mvuvi, mguu umefungwa bendeji, na saa ya ukutani inakupa dakika nane. Nitasimulia kituo kimoja nilichokaa pembeni nikiwa na karatasi ya alama. Mwanafunzi aliyeingia alikuwa binti mtulivu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akavuta kiti, akaketi. Hilo peke yake lilikuwa na alama. Akamwomba mtoto wa mzee atoke kidogo. Hilo nalo lilikuwa na alama, kwa sababu mtu anaweza kukataa kwa mdomo wake huku maneno ni ya mwingine aliyesimama kichwani pake. Kisha akasema: “Mzee, daktari amekueleza mengi. Hebu nieleze kwa maneno yako, umesikia nini?”

“Nimesikia mguu umeoza. Sumu itapanda. Nikikaa nao naweza nisimalize mwezi.”

“Na ukikatwa?”

“Mnasema naweza kupona. Naweza pia nisipone.”

“Sasa kwa nini hutaki?”

“Ndugu yangu alikatwa vidole. Wakarudi wakakata kifundo. Wakarudi wakakata goti. Tukamzika kipande. Mimi nataka nife mzima, nyumbani.”

Nikaweka alama kwenye kipimo cha kupima faida na hasara. Huenda hukubaliani naye. Mimi mwenyewe ningekatwa. Lakini ameshika kilicho mezani na kukilinganisha na anachokithamini, na hicho ndicho kinachopimwa. Angesema “mguu haujaoza, mmeupaka masizi,” hapo ningesubiri kuona kama binti amestuka.

Mwanafunzi wa kabla yake alifika hapo hapo akavamia: “Mzee, utawaachia nani wajukuu?” Kumshawishi mgonjwa kunaruhusiwa, na daktari asiyejaribu kabisa hajatimiza wajibu wake. Kumpa hesabu za kweli, kumkutanisha na aliyekatwa anayetembea kwa mguu wa bandia, kumuuliza kama anachoogopa ni kisu au ni kurudiwa kukatwa, huko ni kushawishi. Kumtwisha wajukuu ili akubali kwa aibu ni kumsukuma, na karatasi yangu ilikuwa na mstari wa kukata alama kwa hilo.

Jibu la tatu, la kusubiri azimie, ndilo linalowanasa wenye moyo mwema. Wanasema akishapoteza fahamu hana uamuzi tena, basi tunaokoa maisha. Jibu lake lilitolewa Ontario, Kanada, katika shauri la Malette na Shulman. Mwaka 1979 mwanamke aliletwa hospitali akiwa hana fahamu baada ya ajali ya gari, mkobani mwake mna kadi iliyosema yeye ni Shahidi wa Yehova na hataki damu kwa hali yoyote. Daktari alimwekea damu. Akapona, akashtaki, akashinda, na mwaka 1990 Mahakama ya Rufani ilithibitisha fidia ya dola 20,000. Ukataaji wa mtu timamu haufutiki kwa yeye kulala.

La kwanza ni la nyumbani kwetu hasa. Katika wodi zetu ndugu ndio wanaoleta chakula, wanaolipia dawa, wanaosaini. Lakini maadamu mzee ni timamu, sahihi ya mwanawe haina kazi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kwa mfano, inataka mgonjwa mwenyewe aelezwe haki yake ya kukataa na matokeo ya kukataa huko.

Limebaki la nne, la kumruhusu aende, ambalo kwa maoni yangu ndilo baya kuliko yote kwa kuwa limevaa nguo za heshima. Mzee amekataa kitu kimoja: kukatwa. Hajakataa antibiotiki ya mshipani, insulini, kuondolewa nyama iliyokufa, dawa ya maumivu, kidonda kusafishwa. Wajibu wa kumtendea mema haujashindwa na mtu. Umepunguziwa njia moja tu, na zilizobaki zinadai kazi zaidi. C mwenyewe aliivuka hatari ya siku zile kwa njia hizo zilizobaki. Uamuzi uandikwe kwenye faili: alichoelezwa, alichojibu kwa maneno yake, nani alikuwepo, saa ngapi. Na kwa kuwa homa inaweza kupanda usiku, uwezo wake upimwe tena.

Wala haki hii haigeuki kuwa ya kuagiza. Mzee anaweza kukataa kisu, lakini hawezi kumlazimisha daktari ampe dawa ambayo haitamsaidia. Watahiniwa wengi husahau hilo wakikutana na swali la mgonjwa anayedai.

Yule binti alibakiwa na dakika moja. Alimwambia mzee kwamba mguu hautakatwa, na kwamba dawa za mshipani zinaanza sasa hivi kama anaridhia. Mzee akakubali. Kengele ilipogonga alikuwa ameshasimama, mkono uko kwenye kiti.

“Mzee, nikirudi saa kumi tuongee tena, nitakusumbua?”

“Rudi,” mwigizaji akajibu, neno ambalo halikuwemo kwenye maandishi yake. “Uje na huyo mwenye mguu wa bandia.”