Kikomo cha Fankisheni ya Mstari: Uthibitisho wa Epsiloni na Delta Hatua kwa Hatua

Sehemu hii imewekwa kwa ajili ya mtahiniwa anayesoma Hisabati ya Ziada, na kwa yule anayetarajia kwenda kidato cha tano mchepuo wenye hisabati. Hisabati ya Msingi haidai vikomo. Soma ukiwa na karatasi na penseli mkononi, kwa maana mada hii haieleweki kwa macho peke yake.

Darasani umezoea kuandika hivi: kadiri x inavyokaribia 5, 2x + 9 inakaribia 19. Unaweka 5 mahali pa x, unapata 19, unapigiwa tiki. Swali ni moja: neno “inakaribia” lina maana gani hasa? Ukikaribia kwa kiasi gani ndipo tuseme umekaribia? Mtu aliyeko Vwawa ameikaribia Tunduma akilinganishwa na aliyeko Dar es Salaam, lakini hajafika mpakani. Wanahisabati wa Ulaya walilitumia neno hilo kwa miaka mingi bila kulibana vizuri. Mwaka 1821 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alianza kulibana, na baadaye katika karne hiyohiyo Mjerumani Karl Weierstrass akaliweka katika sura tunayoitumia leo. Weierstrass, kabla hajaitwa kufundisha Berlin, alikuwa mwalimu wa shule za sekondari kwa zaidi ya miaka kumi.

Tuanze na lori. Ukipita barabara kuu ya kuelekea Tunduma unakutana na mizani ya magari pale Mpemba. Chukua tipa ambalo likiwa tupu lina tani 9. Linapakia mchanga uliolowa, na tukadirie kwamba meta moja ya ujazo ya mchanga huo ina tani 2. Likipakia meta x za ujazo, uzito wote kwenye mizani ni

f(x) = 2x + 9

Hii ndiyo fankisheni ya mstari: unaipa namba x, inakurudishia namba moja f(x), na ukichora grafu unapata mstari ulionyooka wenye mteremko 2.

Mwenye lori anataka mizani isome tani 19, yaani mchanga uwe meta 5 za ujazo. Lakini hakuna kijiko kinachoweza kupakia meta 5 kamili, bila punje kuzidi wala kupungua. Kwa hiyo anaongeza neno: “Nakuruhusu ukosee, ila uzito usitofautiane na 19 kwa nusu tani au zaidi.” Mpakiaji naye anauliza swali la kwake: “Basi mchanga wenyewe niupime kwa uangalifu kiasi gani?”

Tumjibu. Tofauti kati ya uzito na 19 tunaiandika |f(x) − 19|. Mistari miwili iliyosimama isomwe “umbali kati ya”. Haijali kama uzito umezidi au umepungua, inaangalia umbali tu. Sasa,

|f(x) − 19| = |2x + 9 − 19| = |2x − 10| = 2|x − 5|

Tazama mwisho wa mstari huo kwa makini, kwa sababu kazi yote ya mada hii iko hapo. Kosa kwenye uzito ni mara mbili ya kosa kwenye mchanga. Ukitaka kosa la uzito liwe chini ya 0.5, kosa la mchanga liwe chini ya 0.25. Mwenye lori akibana zaidi na kusema 0.1, mpakiaji atajibu 0.05. Akisema 0.002, jibu ni 0.001.

Hatuwezi kuendelea kuorodhesha namba hadi jioni. Kila namba ndogo tunayoijaribu, mwenye lori anaweza kutaja nyingine iliyo ndogo kuliko hiyo. Ndiyo maana tunatumia herufi. Ruhusa ya kosa kwenye jibu, ile inayotajwa na mwenye lori, tunaiita epsiloni na kuiandika ε. Ruhusa ya kosa kwenye x, ile ambayo mpakiaji anajiwekea, tunaiita delta na kuiandika δ. Zote mbili ni namba kubwa kuliko sifuri. Zikishika nafasi zake, maana ya kikomo inasomeka hivi:

Kikomo cha f(x), x inapokaribia a, ni L, ikiwa kwa kila ε > 0 inapatikana δ > 0 ambayo, kwa kila x, iwapo 0 < |x − a| < δ, basi |f(x) − L| < ε.

Usikariri kwanza. Angalia nani anazungumza wa kwanza. Epsiloni inatajwa mwanzo, na delta ni jibu lake. Wewe unayethibitisha ni mpakiaji, hivyo huna uhuru wa kuchagua epsiloni. Unaipokea jinsi ilivyo, hata ikiwa ndogo ajabu, kisha unatafuta delta inayoitosheleza. Mtahiniwa anayeanza kwa kuandika “chukua ε = 0.1” amethibitisha kwa mwenye lori mmoja tu, na wengine wote wamebaki bila jibu.

Kuna kipande kingine kidogo ambacho wengi hukiruka: 0 < |x − a|. Kinasema x isiwe a yenyewe. Kwa lori letu hakina athari yoyote, kwa kuwa x = 5 inatoa 19 barabara. Lakini chukua fankisheni hii:

g(x) = (2x² − x − 45)/(x − 5)

Ukiweka 5 unapata sifuri kwa sifuri, na hapo hakuna jibu. Hata hivyo sehemu ya juu ni (2x + 9)(x − 5), kwa hiyo kila mahali isipokuwa 5 pekee, g(x) ni 2x + 9 ileile. Kikomo chake ni 19, na uthibitisho utakaouona hapa chini unaifaa bila kubadilisha chochote zaidi ya jina. Kikomo hakiulizi nini kinatokea pale kwenye 5. Kinauliza nini kinatokea karibu na 5.

Sasa kazi yenyewe. Igawe katika sehemu mbili na usizichanganye.

Sehemu ya kwanza ni ya karatasi ya rafu. Unaanzia kwenye kile unachokitaka na kurudi nyuma. Ninataka |f(x) − 19| < ε. Hiyo ni sawa na 2|x − 5| < ε, ambayo ni sawa na |x − 5| < ε/2. Basi delta yangu itakuwa ε/2. Rafu imekwisha.

Sehemu ya pili ndiyo jibu linaloandikwa, nayo inakwenda mbele:

Thibitisha kwamba kikomo cha 2x + 9, x inapokaribia 5, ni 19.

Uthibitisho. Tuseme tumepewa ε > 0 yoyote. Chagua δ = ε/2. Kwa kuwa ε ni kubwa kuliko sifuri, δ nayo ni kubwa kuliko sifuri. Chukua x yoyote yenye 0 < |x − 5| < δ. Basi

|f(x) − 19| = |2x − 10| = 2|x − 5| < 2δ = 2(ε/2) = ε

Kwa hiyo |f(x) − 19| < ε, kama ilivyotakiwa.

Ni mfupi, na ufupi huo huwashangaza wanaouona mara ya kwanza. Msomaji wa uthibitisho hana haja ya kujua ε/2 ulikuja kuipata vipi. Anachokagua ni kama inafanya kazi. Ukiandika rafu peke yake, umeanza na jambo ulilotakiwa kulifikia, na msahihishaji mkali atauliza umeruhusiwa na nani kuanza nalo.

Je, δ lazima iwe ε/2? Hapana. Ukichagua ε/10 utakuwa mpakiaji mwenye uangalifu kupita kiasi, lakini uthibitisho utasimama, maana 2 mara ε/10 bado ni chini ya ε. Ukichagua kubwa zaidi ya ε/2 ndipo mambo yanaharibika. Jaribu δ = ε, kisha uchukue x = 5 + 0.8ε. Iko ndani ya delta, lakini kosa la uzito ni 1.6ε, limeshapita ruhusa. Vilevile delta isiwe na x ndani yake. Mpakiaji anajiwekea ruhusa kabla ya kuanza kupakia, kwa hiyo haiwezi kutegemea kiasi atakachokuwa amepakia.

Njia nzuri ya kujua kama umeelewa ni kuijaribu kauli ya uongo. Mtu akidai kwamba kikomo ni 20, maana yetu itamkamata wapi? Mpe ε = 0.5. Kwa x zote zilizo ndani ya 0.25 kutoka 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25, uzito uko kati ya tani 18.5 na 19.5. Hakuna hata mmoja uliofika 19.5, hivyo zote ziko mbali na 20 kwa zaidi ya nusu tani. Sasa ataje delta yoyote anayoitaka, hata iwe ndogo vipi. Ndani ya delta hiyo zitakuwapo x zilizo karibu na 5 kwa chini ya 0.25, na hizo zitamwangusha. Kumbuka kwamba kuikanusha kauli kumehitaji epsiloni moja tu, wakati kuithibitisha kunazihitaji zote.

Kwa mstari wowote mx + c njia ni hiyohiyo. Kosa la jibu ni kosa la x mara ukubwa wa mteremko, kwa hiyo δ = ε/|m|. Alama ya kutoa kwenye m isikutishe, kwa kuwa tunapima umbali. Ila m ikiwa sifuri, usigawanye. Hapo fankisheni haibadiliki kabisa, kosa ni sifuri siku zote, na delta yoyote inatosha. Kwa x² njia hii ya moja kwa moja haifiki, kwa sababu mteremko wake hubadilika kadiri unavyosogea. Hiyo ni kazi ya baadaye.

Zoezi. Thibitisha kwamba kikomo cha 7 − 3x, x inapokaribia 2, ni 1. Fanya rafu kwanza, kisha uandike uthibitisho kwenye ukurasa mpya bila kuitazama rafu.

Jibu la kujikagua: |7 − 3x − 1| = |6 − 3x| = 3|x − 2|, kwa hiyo δ = ε/3. Kama umepata −ε/3, rudi kwenye mistari miwili iliyosimama.