Msitu Unaovunwa: Mustakabali wa Mninga Husomwa kwa Miti Michanga

Katika misitu ya miombo iliyo kaskazini-mashariki mwa Milima ya Uluguru, kama ile ya Kitulangalo kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dar es Salaam, mninga ni miongoni mwa miti inayotafutwa zaidi kwa mbao. Anayevuna huangalia mashina manene. Anayetaka kujua kama mininga itakuwapo miaka hamsini ijayo hana budi kuhesabu pia ile miembamba.

Kwa kuwa si rahisi kujua umri wa kila mti uliosimama, tunapima kipenyo cha shina, mita 1.3 kutoka ardhini. Unazungusha utepe kwenye shina, kisha unagawanya mzunguko kwa 3.14. Miti yote inapangwa katika madaraja ya kipenyo, na idadi ya kila daraja inaandikwa.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Tuseme katika hekta 100 tumekuta mininga 60 ya sentimita 5 hadi 15, mininga 90 ya 15 hadi 25, mininga 120 ya 25 hadi 35, mininga 80 ya 35 hadi 45, na mininga 40 iliyozidi sentimita 45, ambayo ndiyo inayoruhusiwa kukatwa. Tuseme pia shina hunenepa milimita 3 kwa mwaka, na katika miaka kumi mti mmoja kati ya kumi hufa wenyewe. Kila daraja lina upana wa sentimita 10, na mti hunenepa sentimita 3 kwa muongo. Kwa hiyo asilimia 30 ya miti iliyo hai hupanda daraja. Ukiondoa iliyokufa, kati ya kila miti 100, miti 27 itapanda, 63 itabaki ilipo na 10 itakufa.

Sasa tuvune. Leo tunakata ile 40. Baada ya miaka kumi, asilimia 27 ya ile 80 imefikia ukubwa wa kukatwa, yaani miti 22. Daraja lililo chini yake limebaki na asilimia 63 ya ile 80 na kupokea asilimia 27 ya ile 120, hivyo lina miti 83. Tukiendelea hivyo, na tukichukulia kwamba kila muongo miche 15 tu hufikia sentimita 5, mavuno ya miongo mitano inayofuata ni 22, 21, 19, 17 na 15.

Baada ya mkato wa kwanza, mavuno hayatikisiki kwa miaka thelathini, na mwenye kibali angeapa kwamba msitu ni mzima. Katika muda huohuo, daraja la sentimita 15 hadi 25 limeshuka kutoka miti 90 hadi 51. Mavuno yanalishwa na akiba ya miti iliyoota zamani, na akiba hiyo hairudishwi. Miche ikiendelea kuwa 15 kwa muongo, hatimaye mavuno yatatulia kwenye miti 4 tu kila miaka kumi.

Kwa viwango vyetu vya ukuaji na vifo, idadi ya mininga ikiwa imetulia, kila daraja huwa na takriban asilimia 73 ya miti ya daraja lililo chini yake. Ili ile 80 idumu, daraja la chini kabisa lingehitaji zaidi ya miti 200. Tuna 60.

Hata hivyo, upungufu chini hauthibitishi peke yake kwamba mche haupo. Mche wa mninga hunyauka juu ya ardhi kila kiangazi huku mzizi ukizidi kunenepa, na unaweza kuishi hivyo miaka mingi kabla ya kutoa shina linalostahimili moto. Anayepima kuanzia sentimita 5 hauoni kabisa. Kwa hiyo, weka viwanja vidogo na uhesabu hata machipukizi yanayofika magotini. Yakiwa mengi, tatizo linaweza kuwa moto wa kila mwaka, na kuuzuia kwa miaka kadhaa kunaweza kuyapandisha. Yakikosekana, chunguza kama imebaki miti mikubwa ya kutosha kutoa mbegu.

Kipenyo nacho kinaweza kudanganya, kwani mti mwembamba uliobanwa kwenye kivuli huenda ukawa mzee kuliko jirani yake mnene. Mninga una faida hapa: kiangazi husimamisha ukuaji wake, hivyo visiki huonyesha duara za mwaka zinazoweza kuhesabiwa. Hesabu duara kwenye visiki kadhaa vya unene tofauti upate kasi halisi ya msitu wako. Shina likinenepa milimita 2 badala ya 3, ni asilimia 20 tu ya miti iliyo hai itakayopanda daraja kwa muongo, na mavuno ya pili yatakuwa miti 14, si 22. Vifo na miche mipya hujulikana kwa kurudi kwenye viwanja vilevile na kupima miti ileile iliyowekwa alama. Kabla ya takwimu hizo kupatikana, ni salama zaidi kuweka kiwango cha kukata kwa kuangalia madaraja mawili ya chini.