Kaki kwa Chakula, Gazeti kwa Misumari

Mfuko wa rambo ulipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, mwenye duka wa Kirongwe alibaki na haja ile ile: apate cha kumtilia mteja nusu kilo ya mchele. Bidhaa nyingi za Mafia huvuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, ndipo zipande gari kuja huku kaskazini. Kwa hiyo kuagiza mifuko iliyokwisha kutengenezwa ni kulipia safari mara mbili, wakati mikono ipo na gundi inaota shambani. Cha kuagiza ni karatasi tu, na hapo ndipo panapotaka uangalifu.

Karatasi ya bure ni gazeti la zamani, na wengi huanzia hapo. Mimi nasema lisiguse chakula. Wino wa magazeti una mafuta ya madini, na haukauki kama rangi ya ukutani. Unanywewa na karatasi na kubaki humo. Chukua gazeti la mwezi uliopita, paka kidole mafuta ya kupikia, kisha sugua kwenye herufi nzito. Kidole kitatoka cheusi. Bagia iliyotoka kaangoni inafanya kazi hiyo hiyo, tena ikiwa ya moto, na weusi ule anaula mtoto. Gazeti libaki kwa misumari, viberiti na sabuni ya kipande. Hata huko halibebi mzigo mzito, maana ni karatasi nyepesi yenye nyuzi fupi, na likilowa linaachia mara moja.

Kwa chakula tumia kaki mpya. Mfuko wa saruji nao ni kaki, lakini vumbi lake huunguza ngozi na halitoki lote kwa kukung'uta, kwa hiyo usiurudishe kwenye unga.

Tuchukue karatasi ya sentimita 70 kwa 100, ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Inakatika vipande vinane vya 35 kwa 25 bila kubakiza kitu. Kabla ya kukata, chana kona yake kwa pande mbili: upande mmoja mchano unakwenda karibu kunyooka, wa pili unapinda na kuacha meno. Ule mnyoofu ndio unaofuata nyuzi. Nyuzi zikilala na ule urefu wa 100, zitasimama wima kwenye mfuko, na mikunjo ya pembeni itakaa bila kupasuka. Kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa.

Kunja kipande kwa upana wa 35, ukiacha sentimita 2 za kupakia gundi. Zinazobaki ni 33: sentimita 11 mbele, 11 nyuma, na tano na nusu kila ubavu. Chini kunja sentimita 4, ubandike kitako. Mfuko unasimama kwa urefu wa 21. Nusu kilo ya mchele au ya sembe inaingia vizuri na mdomo unabaki wa kukunja. Kilo nzima itajaa hadi juu na kitako kitalalamika.

Gundi ni unga wa muhogo, kikombe kimoja kwa sita vya maji. Koroga kwanza kwenye maji ya baridi, kisha weka motoni bila kuacha kukoroga, hadi weupe wake uondoke na ianze kung'aa. Ikiwa na majimaji karatasi inajikunja, ikiwa nzito inaacha mabonge. Paka nyembamba. Isitiwe mrututu kuzuia wadudu, maana ni sumu. Pika ya siku moja, mbili ukizidisha. Ikinuka uchachu mwaga. Wakati wa masika kitako hukauka polepole, na kikipangwa juu ya kingine kabla ya wakati hugandana. Ili kujaribu, jaza mfuko mmoja mchele, uunyanyue kwa mdomo na kuutikisa. Kitako kikifunguka mahali pa gundi bila karatasi kuchanika, gundi haikushika au haijakauka.

Bei nayo ipigwe kwa uzito. Mfuko huo una gramu 7, kwa hiyo kilo moja ya kaki inatoa kama mifuko 140. Gawa bei ya kilo, pamoja na nauli, kwa 140, ndipo uongeze muhogo, kuni na muda wako. Na mwenye duka aupime mchele kabla ya kuutia mfukoni, kwa kuwa gramu 7 katika kila nusu kilo, kwa wateja mia, ni gramu 700 za mchele ambazo wateja wamezilipia bila kuzipata.

Bagia na sambusa nazo zina mpaka wake: kaki hainyweshwi nta, kwa hiyo mafuta yatapenya. Zichujwe kwanza, ziwekwe mfukoni kwa kuliwa njiani, si kwa kupelekwa mbali hadi Bweni.