Je, Wajua? Njia Mbili za Kuthibitisha Miamala Bila Kuirudia

Je, wajua kwamba Ethereum, daftari la kidijitali linalotunzwa na maelfu ya kompyuta duniani, hukubali matokeo ya miamala ambayo kompyuta hizo hazikuikokotoa? Miamala hiyo hutekelezwa nje yake na mifumo iitwayo rolapu, ambayo huikusanya katika mafungu, kisha huwasilisha data zake zikiwa zimebanwa, pamoja na mzizi wa hali, yaani namba moja inayowakilisha salio la kila akaunti na ambayo hubadilika kabisa hata salio moja likiguswa. Kwa mfano, iwapo Asha mwenye 100 anamtumia Juma 30, salio lake halali ni 70. Lakini mwendeshaji mdanganyifu akiandika 1,000, mzizi wa uongo utaonekana wa kawaida kama ule wa kweli. Rolapu hutofautiana katika namna zinavyoufichua uongo huo.

Aina ya kwanza, inayoweza kuitwa rolapu ya dhana njema, na ambayo Arbitrum na Optimism ni mifano yake, huuchukulia mzizi kuwa sahihi hadi atokee mtu wa kuupinga, na ndiyo maana fedha zinazotolewa kwa njia ya kawaida kurudi Ethereum husubiri takribani siku 7. Katika muda huo, yeyote anayekokotoa upya fungu kutokana na data zilizowekwa hadharani, akapata mzizi tofauti, anaweza kuweka dhamana na kufungua shauri. Ethereum hairudii hesabu nzima, bali huwataka wabishani wataje hali ilivyokuwa katikati ya hesabu: wakiafikiana hapo, kosa limo katika nusu ya pili, na wakitofautiana, limo katika nusu ya kwanza. Nusu yenye kosa hugawanywa tena kwa namna hiyohiyo, na kwa kuwa 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 40 huzidi trilioni moja, hesabu ya hatua trilioni moja hufikia hatua moja tu baada ya migawanyo 40. Hatua hiyo pekee, yaani kutoa 30 katika 100, ndiyo Ethereum huitekeleza yenyewe. Jibu likiwa 70, mzizi wa uongo hukataliwa na aliyeutetea hupoteza dhamana.

Usalama wa njia hii hutegemea kuwapo kwa angalau mkaguzi mmoja mwaminifu, na kuwepo kwa mfumo wa mashauri unaofanya kazi. Rolapu ya Optimism ilifungulia umma mfumo huo Juni 2024, lakini Agosti mwaka huohuo ikaurejesha kwa muda mikononi mwa waliopewa idhini, baada ya ukaguzi kubaini kasoro ambazo zilihitaji kurekebishwa.

Aina ya pili, ambayo zkSync Era na Starknet ni mifano yake, haingoji mpinzani, kwa kuwa mzizi haukubaliwi mpaka uambatane na uthibitisho wa kihisabati. Kumbukumbu ya kila hatua hupangwa katika jedwali, safu zake hugeuzwa kuwa polinomia, na kanuni kama ile isemayo kwamba salio jipya ni la zamani kutoa kiasi kilichotumwa hugeuzwa kuwa mlinganyo ambao polinomia hizo lazima ziutimize. Mtoa uthibitisho hujifunga kwanza kwa polinomia zake, asiweze kuzibadilisha, ndipo sehemu za kukagua huchaguliwa kwa namna asiyoweza kuitabiri. Nguvu ya ukaguzi huu ni kwamba polinomia mbili tofauti ambazo kipeo chake kikubwa ni milioni moja haziwezi kulingana katika sehemu zaidi ya milioni moja, ilhali sehemu za kuchagua ni nyingi kupita kiasi cha kuhesabika; hivyo 1,000 iliyoandikwa mahali pa 70 katika mstari mmoja huvuruga mlinganyo karibu kila mahali, na sehemu chache tu hutosha kuunasa uongo. Rolapu nyingi za aina hii hutumia ufupi wa uthibitisho huo, ambao katika baadhi ya mbinu hauzidi baiti mia chache hata fungu liwe kubwa kiasi gani.

Gharama yake ni kwamba kuutengeneza uthibitisho huhitaji ukokotozi mwingi mno kuliko kutekeleza miamala yenyewe. Aidha, hisabati hulinda kanuni zilizoandikwa tu: mwandishi wa mfumo akisahau mlinganyo unaozuia mtu kutuma zaidi ya alichonacho, muamala batili utapata uthibitisho usio na dosari, na hakutakuwa na siku 7 za kuupinga.

Njia zote mbili zinahitaji data ziwe hadharani, kwa kuwa bila data mkaguzi hawezi kukokotoa upya, na mwenye akaunti hawezi kuonyesha salio lake ndani ya mzizi, hata mzizi huo uwe sahihi. Tangu Machi 2024, Ethereum ina nafasi maalumu ya data hizo ambayo huzihifadhi kwa takribani siku 18, muda unaozidi mara mbili ule wa kufungua shauri.